Uzoefu wangu: kuikata kazi moja kubwa kuwa maagizo manne, na geti kila baada ya hatua

Mimi ni katibu wa chama, na kila mwisho wa mwaka natakiwa kuandika ripoti inayoonyesha kamati iliamua nini, nani alikabidhiwa kazi, na kazi hiyo iliishia wapi. Malighafi ni mihtasari ya vikao. Safari hii vilikuwa vikao 11, kurasa 46 kwa jumla. Nikaona nisijitese: nikaipa modeli ya akili mnemba faili lote kwa mkupuo mmoja, pamoja na agizo moja refu (wengine mtaliita prompti) lenye kila kitu ndani yake. Toa maamuzi, yapange kwa mada, onyesha yaliyotekelezwa, andika ripoti ya kurasa tatu.

Ripoti ilitoka imenyooka kuliko zote nilizowahi kuandika mwenyewe. Mwenyekiti akaisoma, kisha akanipigia simu: "Katibu, hii projekta tuliinunua lini?" Nikarudi kwenye muhtasari wa kikao cha nne. Hoja ya kununua projekta ililetwa, ikajadiliwa, ikaahirishwa mpaka hesabu zikamilike. Kwenye ripoti ilikuwa imegeuka kuwa "kamati iliridhia ununuzi wa projekta."

Kilichonikera zaidi ya kosa lenyewe ni kwamba sikuweza kujua limeingilia wapi. Je, modeli ilisoma vibaya, au ilisoma sawa ikapanga vibaya, au ilipanga sawa ikaja kupamba wakati wa kuandika? Agizo moja refu halina dirisha la kuchungulia. Unachoona ni mwanzo na mwisho tu. Ndipo nikaamua kuikata kazi vipande vinne, kila kipande kikiwa na agizo lake fupi, na kabla ya kuingia kipande kinachofuata lazima matokeo yapite getini, yaani ukaguzi unaoamua kama yaendelee au yarudishwe.

Hatua ya kwanza ni kuchambua tu. Naipa modeli muhtasari wa kikao kimoja, si vyote 11, na kutaka kila uamuzi au hoja iorodheshwe pamoja na nukuu iliyonakiliwa neno kwa neno kutoka kwenye muhtasari. Sitaki maoni, sitaki mpangilio. Nukuu ndiyo inayonipa geti, kwa sababu kuitafuta ndani ya maandishi asilia hakuhitaji akili yoyote, ya mtu wala ya mashine. Skripti fupi inatosha:

```python
def safi(s):
    return " ".join(s.split())

for u in maamuzi:
    if safi(u["nukuu"]) not in safi(muhtasari):
        print("HAIPO:", u["namba"])
```

Hicho kijistari cha `safi` sikuwa nacho mwanzoni. Mara ya kwanza nilipata maamuzi 63, na 9 kati yake geti likayakataa. Nikaanza kuilaumu modeli, kumbe 6 yalikuwa halali kabisa: faili lilikuwa limekata mistari katikati ya sentensi, kwa hiyo nukuu iliyonyooka haikufanana na maandishi yaliyokatika. Nilipoondoa nafasi na mistari ya ziada yakabaki 3. Mawili modeli ilikuwa imefupisha sentensi badala ya kuinakili, na moja halikuwepo mahali popote. Geti baya linaweza kukuchosha kuliko kosa lenyewe, kwa hiyo kabla ya kulaumu kilichokataliwa, kagua kwanza mlinzi.

Yaliyokataliwa nayarudisha na sababu yake: namba hii, nukuu yake haipo, inakili upya au iondoe. Nairudisha mara mbili tu. Nilijaribu mara ya tatu kwa ule uamuzi mmoja usiokuwepo, na matokeo yakanifundisha jambo. Nukuu iliyokuja safari hii ilikuwepo kweli kwenye muhtasari, ila ilikuwa sentensi ya kufungua kikao, isiyo na uhusiano wowote na uamuzi uliodaiwa. Ukiibana modeli sana ipite getini, itatafuta namna ya kupita. Tangu siku hiyo kilichoshindwa mara mbili nakisoma kwa macho yangu. Ule niliufuta, yakabaki 62.

Kabla ya kuendelea niliingia kwenye shimo ambalo nadhani wengi wataingia. Geti la nukuu linakamata kilichozushwa, kilichosahaulika halikioni. Uamuzi ambao modeli haikuutaja kabisa hauna nukuu ya kukaguliwa, kwa hiyo kila kitu kinaonekana kijani huku ripoti ina pengo. Dawa niliyoipata si ya ajabu: narudia hatua ya kwanza kwenye mazungumzo mapya kabisa, kisha nalinganisha orodha mbili. Orodha ya pili ilileta vitu 5 ambavyo ya kwanza haikuwa navyo. Kimoja kilikuwa salamu za rambirambi, si uamuzi. Vinne vilikuwa maamuzi halisi, vitatu kati yake vikiwa kwenye "mengineyo" mwishoni mwa muhtasari, mahali ambapo hata binadamu husoma akiwa ameshachoka. Jumla ikawa 66. Siwezi kuapa kwamba hakuna la 67, lakini nina uhakika mkubwa kuliko nilivyokuwa na orodha moja.

Hatua ya pili ndiyo iliyozaliwa na ile simu ya mwenyekiti. Hapa kila nukuu inapewa alama moja kati ya tatu: limepitishwa, limeahirishwa, limekataliwa. Geti lina sehemu mbili. Kwanza skripti inahakikisha hakuna alama ya nne, maana modeli hupenda kuongeza kitu kama "limepitishwa kwa masharti" hata ukiikataza. Pili, nafungua mazungumzo mengine, naipa modeli nukuu bila alama, na kuomba alama upya. Zikitofautiana, nasoma mimi.

Mwanzo nilikuwa nakagua ndani ya mazungumzo yaleyale, nikiuliza tu kama alama ziko sawa. Kila mara jibu lilikuwa kwamba ziko sawa. Nikashuku, nikaingiza kwa makusudi alama tatu za uongo kwenye orodha. Ukaguzi ule uligundua moja. Nilipoweka makosa yaleyale matatu kwenye mtindo wa mazungumzo mapya yasiyoona jibu la kwanza, yote matatu yalijitokeza kama tofauti. Mkaguzi akishaonyeshwa jibu huwa analitetea. Afadhali afanye mtihani wake mwenyewe bila kuona karatasi ya mwenzake. Na jaribio hilo la kupanda kosa la makusudi sasa nalifanya kwa kila geti jipya, kwa sababu geti ambalo halijawahi kukataa kitu sijui kama linafanya kazi au limelala.

Katika 66, alama zilitofautiana kwa 7, na projekta ilikuwa mojawapo. Kusoma nukuu saba ni kazi ya dakika chache. Kusoma kurasa 46 ndiyo niliyokuwa naikimbia.

Hatua ya tatu, kuunganisha, haina mengi. Uamuzi wa kikao cha pili huenda umetajwa tena kikao cha saba kuwa umetekelezwa, kwa hiyo modeli inapewa jedwali zima na kuunganisha namba na namba. Geti lake ni kuhesabu tu: namba 66 zimeingia, namba 66 zitoke, kila moja mara moja. Zilitoka 64. Maamuzi mawili ya kupaka rangi, moja la ukumbi na jingine la uzio, yalikuwa yamemezwa na lile la kupaka rangi ofisi. Kama ningesoma ripoti iliyokamilika nisingegundua hata siku moja.

Hatua ya nne ndiyo kuandika, na hapa kuna jambo ambalo nililipuuza nikaumia. Kinachoingia kwenye agizo hili ni jedwali lililopita mageti, basi. Usiipe tena mihtasari asilia eti iwe na muktadha. Nilifanya hivyo mara moja na projekta ikarudi imenunuliwa, kwa sababu modeli ilikwenda kuchota upya kule kule tulikokwisha kuchuja. Kila aya lazima ibebe namba ya uamuzi kwenye mabano ya mraba, mfano `[23]`, na geti linakagua kwamba kila namba ya mabano ipo kwenye jedwali, na kwamba tarehe na kiasi chochote kilichoandikwa kipo kwenye mstari wa namba hiyo. Lilikamata tarehe moja iliyotoka hewani. Nikishamaliza naziondoa namba, na ripoti inasomeka kama ripoti.

Sasa upande wa lawama. Kuijenga minyororo hii mara ya kwanza kulinichukua saa tano, wakati lile agizo moja lilichukua dakika mbili. Kwa barua ya ukurasa mmoja sithubutu. Hapo soma mwenyewe umalize. Pia maagizo yanakuwa mengi: vikao 11 mara mbili, halafu alama mara mbili, halafu marejeo, kwa hiyo mwenye kikomo cha matumizi kwa siku atakigonga. Na wingi wa hatua peke yake hausaidii, bali unaharibu. Kama kila hatua inapatia mara 9 kati ya 10, hatua nne mfululizo bila mageti zinakuacha na takriban 66 kati ya 100, kwa sababu kosa la kwanza linarithiwa na zote zinazofuata. Nimeona watu wakikata kazi vipande kumi na kujisifu, bila geti hata moja. Huko ni kusafirisha kosa kwa mabasi mengi zaidi.

Mwezi uliopita niliirudia kwa mihtasari ya nusu mwaka, nikatumia dakika 40, na nyingi kati ya hizo nilikuwa nasoma tofauti za alama. Ningeipa nyota nne kati ya tano. Nyota niliyoinyima ni ya tatizo ambalo bado nalihangaikia: hoja ikijadiliwa aya moja na kuahirishwa aya inayofuata, nukuu inabeba aya ya kwanza tu, mazungumzo yote mawili yanaipa alama ya "limepitishwa", na kwa kuwa yamekubaliana geti linaipitisha bila mimi kuiona. Kwa sasa skripti inaongeza sentensi mbili kabla ya nukuu na mbili baada yake kabla ya kuomba alama. Imenasa moja ya aina hiyo tayari. Nataka kuona kikao kirefu kama cha Desemba kabla sijaigusa tena.