Spineli, ganeti au tumalini: ipi itavumilia pete ya kila siku?

Haya watazamaji, hapa mezani nina pete tatu: spineli nyekundu, ganeti ya zambarau-wekundu ile inayoitwa rodolaiti, na tumalini ya kijani. Kwa kawaida vito hivi hupatikana kwa bei ya chini kuliko rubi au zumaridi ya ubora unaokaribiana. Ipi inapendeza, macho yako yataamua. Mimi naangalia ipi itavumilia kidoleni kutwa kucha.

Adui mkubwa ni vumbi. Ndani yake huwa na chembe za kwatzi, ambayo kwenye kipimo cha ugumu cha Mohs ni 7. Kwa hiyo ukifuta pete kavukavu kwa shati, unaipiga msasa. Spineli ni 8, vumbi haliiwezi. Rodolaiti na tumalini ziko kati ya 7 na 7.5, yaani zinaizidi kwatzi kidogo tu.

Sogea uione hii ganeti, imevaliwa miaka mingi. Chini ya lenzi ya mara 10, usitazame katikati. Tazama pale uso wa juu unapokutana na nyuso za pembeni. Mstari uliotakiwa kuwa mkali umekuwa mweupe, umefifia, na hapa pembeni kuna vidonda vidogo. Ukinunua pete iliyokwisha kuvaliwa, anza kukagua hapo. Mkata vito anaweza kuling'arisha upya, ila litapungua uzito.

Tumalini ndiyo inayonipa wasiwasi, na si kwa ugumu wake. Nyingi zina mipasuko midogo na vijifuko vya kimiminika ndani. Likipata joto la ghafla, jiwe linaweza kupasuka. Usilisafishe kwa mvuke wala kwa mashine ya mitetemo. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi laini vinatosha. Tena likipata joto hujichaji umeme na kuvuta vumbi, ndiyo maana unaweza kuliona limechafuka hata ndani ya kabati la kioo lenye taa.

Ganeti nayo haipendi joto la ghafla. Siku unampelekea sonara pete aiongeze kipimo, mwambie jiwe ni la aina gani, na alitoe kabla ya kuwasha moto.

Kwa hiyo kwangu spineli inashinda, lakini angalieni: spineli za kutengenezwa zimejaa sokoni, hasa za buluu kali. Viputo vya mviringo ndani yake ni dalili mbaya, ingawa kutoviona hakuthibitishi kitu. Kwa jiwe la bei kubwa, dai cheti cha maabara ya vito.

Na kama moyo wako umeshaangukia tumalini? Ichukue, ila usiifunge kwa makucha manne marefu. Omba ukingo wa chuma ulizunguke jiwe lote, na jiwe likae chini, lisichomoze juu ya kidole.