Ununue nini cha kugeuza picha ya risiti kuwa mistari ya matumizi?

Programu nyingi zinazojitangaza kuwa zinasoma risiti hufanya nusu ya kazi. Zinachukua jina la duka, tarehe na jumla, basi. Ukitaka kujua ni kiasi gani kimekwenda kwenye chakula na kiasi gani kwenye usafi, jumla peke yake haikusaidii. Kwa hiyo hapa napanga kwa kigezo kimoja: je, unapata kila bidhaa na idadi yake, na ukizijumlisha zinarudi kwenye jumla ya risiti?

Nafasi ya kwanza: msimbo wa QR, bila kulipa kitu

Kama uko Tanzania na risiti ni ya EFD, usianze na picha. Skani ule msimbo wa QR ulio chini ya risiti, ukurasa wa TRA ufunguke, kisha nakili jedwali la bidhaa, idadi na kiasi ulipeleke Excel au Google Sheets. Hizo ni takwimu zilizotumwa na mashine yenyewe, hakuna anayekisia kama ile ni 3 au 8. Skani siku hiyohiyo, maana karatasi ya joto ikikaa kwenye dashibodi ya gari hufifia, msimbo nao pia.

Udhaifu wake ni pale muuzaji alipobofya "BIDHAA" na jumla moja. Hapo hata programu ya bei mbaya haitakutolea mistari isiyokuwepo. Omba risiti ndefu ya kaunta, ile yenye orodha, uiambatanishe.

Ya pili: huduma zinazosoma mistari

Hizi ndizo za kulipia ukiwa na risiti mamia kwa mwezi. AnalyzeExpense ya Amazon Textract na prebuilt-receipt ya Azure zinarudisha bidhaa, idadi na bei zikiwa zimetenganishwa, na gharama yake ni karibu senti moja ya dola kwa ukurasa. Kikwazo si bei, ni kwamba unahitaji mtu wa kuandika programu ya kuziunganisha. Na bado hazijui mafungu yako ya matumizi.

Makosa yake yana tabia zake. Chukua risiti ya mgahawa mdogo: mchele 10 × 3,000 ni 30,000, sabuni ya maji 2 × 4,500 ni 9,000, kreti ya soda 14,000. Jumla 53,000. Kwenye risiti hii mchele hauna VAT, sabuni na soda zinayo, na bei zake tayari zimeibeba. Kodi iliyomo ndani ya ile 23,000 ni 23,000 × 18 ÷ 118, yaani 3,508.47. Sasa huduma ikichukua mstari wa kodi ikadhani ni bidhaa, mistari yako itafika 56,508.47. Tofauti ikilingana sawasawa na kodi, umeshajua cha kufuta.

Kosa la pili ni la mpangilio. Mashine nyingi huchapa jina juu, halafu "10 x 3,000.00" chini yake. Huduma dhaifu hutoa mistari miwili: mchele usio na bei, na bei isiyo na jina. Kwa hiyo hesabu mistari kabla ya kuhesabu pesa.

Weka ukaguzi huu kwenye jedwali, A ikiwa bidhaa, B idadi, C bei ya moja, D kiasi, na H1 jumla ya risiti:

```
=ROUND(B2*C2-D2,0)
=ROUND(SUM(D2:D4)-H1,0)
=IF(ISNUMBER(SEARCH("SAB",A2)),"Usafi","Hakiki")
```

Nakili ya kwanza na ya tatu kwenye kila mstari, na D4 iwe mstari wako wa mwisho. Mbili za kwanza zikitoa sifuri, uko salama. Zisipotoa sifuri, tafuta punguzo kwanza: huchapwa kama mstari wake wenye alama ya kutoa, na alama hiyo hupotea kirahisi. Ya tatu ndiyo ya mafungu. Ongeza maneno kadiri maduka yako yanavyofupisha majina, na ukae na "Hakiki" badala ya kuacha mashine ibahatishe.

Ya tatu: Google Lens

Kwa risiti moja moja isiyo na QR, inatosha. Inanakili maandishi, si jedwali, kwa hiyo kutenganisha safu ni juu yako. Risiti ya mistari mitano, sawa. Ya mistari arobaini, utachoka.

Ya mwisho: programu za madai ya safari

Nzuri kwa mfanyakazi anayerudishiwa nauli na hoteli, kwa kuwa bosi anataka jumla tu. Kwa duka au mgahawa, sizishauri.

Kabla ya kulipia chochote, jaribu kwa risiti tatu: moja yenye punguzo, moja yenye bidhaa za kupimwa kwa kilo kama 1.250, na moja ndefu iliyokunjwa. Nukta ya kilo ikigeuzwa mkato utaona umeuziwa kilo 1,250 za nyanya. Ikishindwa mbili kati ya hizo, usitoe kadi yako.