Vidonge vya kliniki au kopo la multivitamini: mjamzito achukue kipi?

Mama mjamzito akitoka kliniki hapa Moshi na vidonge vyake vya madini ya chuma na asidi ya foliki, duka la dawa huenda akaambiwa kopo la multivitamini ndilo bora, lina kila kitu. Dada, soma lebo kwanza.

Kidonge cha kliniki kwa kawaida kina chuma miligramu 60 na foliki mikrogramu 400. Multivitamini nyingi za watu wazima zina chuma miligramu 18 au pungufu, nyingine hazina kabisa, na kalsiamu iliyomo hupunguza chuma kinachofyonzwa. Kama damu iko chini, umelipa zaidi ukapata kidogo.

Kinachonitia hofu hasa ni vitamini A ya aina ya retinoli, ile iliyo tayari kutumika mwilini kama ya maini. Ikizidi yuniti 10,000 kwa siku, hasa miezi mitatu ya mwanzo, inaweza kumlemaza mtoto tumboni. Chukua kopo lenye yuniti 5,000 kwa kidonge: ukimeza viwili umefika ukingoni, na ukila maini mchana umevuka. Karoti na mchicha havina shida hiyo.

Kidonge cha kliniki nacho huleta kichefuchefu, na choo huwa cheusi, jambo la kawaida. Kimeze usiku baada ya chakula, chai ikae mbali nacho. Kifungie juu kabatini: vidonge vichache vya chuma vinaweza kumuua mtoto mdogo.

Multivitamini maalumu za wajawazito ni habari nyingine. Mwonyeshe muuguzi kopo kabla ya kuchanganya.