Nililipia kulinda punguzo la bima ya gari, na bei ikapanda hivyo hivyo

Barua ya kukata bima upya ilinifikia Februari. Mwaka uliotangulia nililipa pauni 400, safari hii waliandika 472. Nilipiga simu nikiwa nimeshapandwa na hasira, maana miaka 3 mfululizo nilikuwa nalipia kipengele cha ziada cha kulinda punguzo langu la kutodai. Sasa kimelinda nini? Kijana aliyepokea alinijibu kwa upole kabisa: "Dada, punguzo lako liko pale pale. Tulicholinda ni punguzo, siyo bei."

Ilinichukua siku mbili na kikokotoo cha simu kukubali kwamba alikuwa sahihi.

Naishi Leicester, kazi yangu ni kuzungukia wazee majumbani, kwa hiyo Yaris yangu haikai. Hapa Uingereza punguzo la kutodai linajengwa mwaka kwa mwaka. Ukimaliza miezi 12 bila dai lolote kulipwa kwenye bima yako, unahesabiwa mwaka mmoja. Kila kampuni ina jedwali lake. Kwenye yangu, miaka 3 inakupa asilimia 50, miaka 4 asilimia 55, na ukifika 5 unapata asilimia 60 na unabaki hapo hata ukifikisha 12.

Miaka hiyo ni ya mtu ambaye bima ina jina lake. Hilo nililijua kwa machungu. Nilipofika huku niliendesha gari la mume wangu miaka 2 nikiwa dereva wa ziada kwenye bima yake, sikugusa hata kioo cha mtu. Nilipotaka kukata bima yangu nikaambiwa nina sifuri. Miaka yote ile ilikuwa imeingia kwake. Na miaka niliyoendesha Tanga ndiyo hata haikuulizwa. Jambo jingine ni kwamba punguzo likikaa bila kutumika, kampuni nyingi hulihesabu limekufa baada ya miaka 2. Nilipokwenda nyumbani kumuuguza mama nikakaa mwaka na nusu, nilirudi bado liko hai, ila kwa bahati tu. Sikuwa najua.

Nilipofikisha miaka 5 ndipo wakaniuzia ulinzi. Mwaka wa kwanza pauni 34, wa pili 36, wa tatu 38. Masharti yake: ndani ya miaka 3 unaweza kudai mara 2 na punguzo lisiguswe. La tatu likitokea, unashuka kama wenzio.

Mwaka huo wa tatu wa kulipia ulinzi ndipo dai langu la kwanza lilitokea. Gari nimeliegesha mbele ya nyumba, asubuhi natoka kwenda kazini nakuta mlango wa nyuma umebonyea na bampa imening'inia. Hakuna kikaratasi, hakuna namba, kamera ya jirani inaangalia upande mwingine. Gereji wakataja pauni 1,900. Nikadai kwa bima, maana nina bima kubwa, nikachangia zile 300 ambazo mkataba unasema ni zangu.

Nilidhani kwa kuwa nilikuwa nimelala, dai hilo halinihusu. Kumbe jina lenyewe linasema: ni punguzo la kutodai, halisemi la kutokosea. Aliyekugonga akijulikana na bima yake ikarudisha gharama zote, punguzo lako halidhuriki. Akitoroka, kampuni yako haina wa kumdai, na dai linabaki kwenye jina lako. Hata aliyejulikana, kama kesi haijafungwa siku ya kukata upya, kwa kawaida wanakushusha kwanza, kisha wanakurudishia fedha zikilipwa.

Sasa ile 472. Kabla ya punguzo, bei yangu ya msingi ilikuwa pauni 1,000. Toa asilimia 60, unabaki na 400. Baada ya dai walinihesabu kuwa mtu wa hatari zaidi, wakapandisha msingi hadi 1,180. Toa asilimia 60 ile ile, zinabaki 472. Punguzo halikusogea, kilichosogea ni namba ambayo punguzo linakatwa kutoka kwake, na hiyo hakuna ulinzi unaoigusa. Tena wameandika wazi kwenye karatasi zao, kwamba ulinzi haulindi bei ya jumla na bei inaweza kupanda hata kama kosa si lako. Agizo la mamlaka ya ushindani ya hapa la mwaka 2015 ndilo linalowalazimisha kuandika hivyo, pamoja na kukuonyesha jedwali la kushuka na gharama ya ulinzi. Mimi nilikuwa nabonyeza "endelea" tu.

Bila ulinzi ingekuwaje? Jedwali lao linasema mwenye miaka 5 au zaidi akidai mara moja anashushwa hadi miaka 3. Ningepewa asilimia 50 ya 1,180, yaani ningelipa 590. Nimeokoa 118. Mwaka uliofuata msingi ulishuka kidogo hadi 1,150. Nimelipa 460, bila ulinzi ningekuwa nimepanda hadi asilimia 55, ningelipa karibu 517. Nimeokoa 57. Mwaka wa tatu ningekuwa nimesharudi asilimia 60, na tofauti inakwisha. Jumla ya faida ni pauni 175. Nilikuwa nimelipia 108. Nimebaki na 67 mkononi.

Si haba, lakini tazama ilivyotokea: nimepata kwa sababu nimegongwa mapema. Ningegongwa mwaka wa sita wa kulipia, ningekuwa nimekula hasara. Kwa bei zangu, ulinzi unalipa kama unadai angalau mara moja kila miaka 4 au 5, na dereva wa kawaida hadai hivyo. Panapouma kweli ni kwenye dai la pili. Jedwali langu linasema ukidai mara 2 ndani ya mwaka mmoja bila ulinzi unarudi sifuri, na asilimia 60 ya 1,180 ni zaidi ya pauni 700.

Halafu usidhani ulinzi unakuficha ukihama kampuni. Nilijaribu. Barua ya uthibitisho ilionyesha miaka yangu yote, safi kabisa, lakini swali lililofuata likawa je, umepata ajali au kudai katika miaka 5 iliyopita? Lazima ujibu ukweli, na kampuni zina kanzidata yao ya pamoja ya kukagua. Wengine walinipa bei nzuri, wawili wakapandisha msingi kuliko kampuni yangu.

Mume wangu yeye msingi wake ni 620, gari lake linalala kwenye gereji ya kazini kwao na hajadai miaka 11. Walimtajia ulinzi kwa pauni 31. Tukapiga hesabu mezani: akigongwa mara moja angepoteza kama 93, yaani bei ya ulinzi wa miaka 3. Amekataa, na mimi nimemuunga mkono.

Yangu safari hii wametaka 44. Dai moja nimeshalitumia, na barabara yetu bado ni ile ile nyembamba ambayo magari hupishana usiku kwa kukwaruzana. Nimelipa. Tukipata nyumba yenye maegesho ya ndani, nakifuta kipengele hicho siku hiyo hiyo.