Ruta ya mezani au mifai? Uzoefu wangu nyumbani Katubuka, Kigoma

Nyumba yetu iko bondeni, na kati yake na mnara tunaoutegemea kuna kilima. Kwa hiyo kabla sijaulizia bei ya ruta ya laini, nilitaka kujua ni bendi ipi, yaani masafa gani ya mawimbi ya mnara, inayofika sebuleni. Kwenye simu yangu ya Samsung nilipiga *#0011#, nikasoma sehemu mbili tu: Band na RSRP. Hiyo ya pili ni nguvu ya mawimbi ya mnara, nayo huandikwa kwa namba hasi. Kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo ilivyo bora, hivyo -85 ni nzuri, na ikishuka chini ya -110 utarajie intaneti ya kusuasua.

Uani simu ilishika Band 3, yaani megahezi 1800. Nilipoingia ndani na kufunga mlango ilihamia Band 20, ya megahezi 800, ikasoma -104. Mawimbi ya masafa ya chini hupenya ukuta na kuvuka kilima vizuri zaidi, ingawa kwa kawaida kasi yake huwa ndogo. Kwa nyumba kama yetu, basi, kifaa kisicho na bendi 20 hakina msaada, hata boksi lake liandikwe 4G kwa herufi kubwa kiasi gani. Shemeji yangu aliletewa mifai, ile ruta ndogo ya mfukoni inayotumia betri, kutoka Marekani, yenye bendi 2, 4, 12 na 13, ambazo ni za huko. 4G haikuipata kabisa, ilhali laini ileile ikirudishwa kwenye simu inafanya kazi.

Nilinunua ruta ya mezani ya Huawei yenye bendi 3 na 20 na matundu mawili ya antena ya nje. Nilipoiweka dirishani upande wa mnara, ukurasa wake wa 192.168.8.1 ulionyesha -93 bila antena yoyote. Mifai ingeweza kukaa pale pale, lakini waifai yake ni dhaifu na isingefika jikoni. Mimi ningeichukua kwa ajili ya safari tu.

Hapo ndipo wengi huchanganya mambo, kwa sababu umbali wa waifai ndani ya nyumba hauhusiani na bendi za mnara. Ruta yangu hutoa gigahezi 2.4 na 5. Ile ya 5 ina kasi sana sebuleni, ila ikivuka kuta mbili za tofali inakufa, kwa hiyo simu za jikoni nimeziunganisha kwenye 2.4.

Ruta za bei ya chini zinazouzwa na kampuni za simu nyingi hufungwa kwa laini za kampuni husika, na ukiweka nyingine inadai namba ya kufungulia. Muuzaji wangu aliniruhusu kujaribu laini ya Airtel na ya Halotel pale kaunta kabla sijalipa. Asiyekubali jambo hilo, mimi sinunui kwake.