TAHADHARI: Mashine ya kadi huko Dubai ikikuonyesha shilingi, usikubali

Wale tuliokuwa pamoja safari ile mnajua nilivyonyamaza kwenye ndege. Sasa nasema, aibu na iwe aibu.

Duka lile la simu pale Deira, kijana wa kaunta aliniamkia kwa Kiswahili. "Shikamoo mama, karibu, hii ni bei ya nyumbani." Kiswahili kizuri, hata kiti alinivutia. Kwa nini nisimwamini? Tulipatana dirhamu 2,000, nikaingiza kadi, nikabonyeza pini. Skrini ikaleta mistari miwili: AED 2,000.00 na KES 76,100.00. Kabla sijavaa miwani akaigeuza mashine kwake, akabonyeza kitufe, akacheka: "Nimekuwekea hela ya kwenu mama, usihangaike na hesabu." Nami nikashukuru! Mimi ninayehesabu chenji ya mboga mara mbili!

Jioni binamu yangu, kadi ya benki ile ile, alilipa dirhamu 2,000 duka la jirani kwa dirhamu. Alikatwa 72,000, makato ya benki yakiwemo. Yangu 76,100. Shilingi 4,100 zimekwenda kwa kubonyeziwa kitufe! Ukilipa kwa shilingi, dirhamu haibadilishwi na benki yako. Inabadilishwa na mwenye mashine kwa kiwango anachojipangia, na duka mara nyingi hupata mgao wake. Ndiyo maana alikuwa na haraka. Mtu kama huyu anyang'anywe mashine na leseni, akauze karanga barabarani! Na kunisalimia shikamoo juu!

Benki waliniuliza risiti. Chini, kwa herufi za sisimizi, imeandikwa kwamba nilipewa chaguo la sarafu nikachagua mwenyewe. Uongo mtupu, lakini ndiyo kinga yao. Dada wa benki akanishauri nisiandike "nimetozwa bei kubwa", kwa sababu kiwango kikubwa peke yake si kosa. Niandike kwamba sikuachiwa nichague sarafu, muuzaji alinichagulia. Hilo sheria za Visa zinalikataza, na benki ina siku 120 kulipeleka dai, kwa hiyo usikalie. Risiti ipige picha mapema, maana karatasi ile hufifia. Yangu imeshaanza kufutika.

Ningejua, ningemwambia pale pale afute malipo na kuanza upya kwa AED. Inawezekana kabla hujatoka dukani.

Ah, na ATM ni vilevile. Ikikuuliza, bonyeza "Decline conversion" au "Continue without conversion". Watu huogopa neno hilo la kukataa wakidhani pesa hazitatoka. Zinatoka, ila hesabu inafanywa na benki yako.

Dai langu lina siku tisa leo. Nikirudi Deira, kijana yule atanisalimia tena, na safari hii miwani itakuwa usoni.