Fremu ndogo ya kufumia: kitambaa kinaingia ndani, muuzaji anasema mkono wangu mzito

Nilikuwa nimeshaamua kunyamaza kuhusu hii seti, lakini nimeona dada mwingine kauziwa ileile na analia kilio kilekile, basi naandika. Duka silitaji. Ni fremu ya mbao ya kuweka mezani, inakuja na uma wa kushindilia, sindano kubwa ya mbao, mabunda ya uzi na karatasi moja ya maelekezo. Hasira yangu yote iko kwenye hiyo karatasi, kwenye huo uzi, na kwenye mdomo wa aliyeniuzia.

Nilitanda nyuzi 40 za mtande, zile zinazosimama toka juu hadi chini, kwa upana wa sentimeta 20. Mwanzo mzuri kabisa. Kazi ilipofika kimo cha kiganja, niliweka rula nikakuta sentimeta 17. Kingo zote mbili zimeingia ndani, nyuzi za pembeni hazisimami tena sambamba na mbao za fremu, zimeinamia katikati. Na pale pembeni ziliposongamana, mshindio, yaani uzi unaopitishwa kwa kulala, ukawa haushuki hata ukiupiga uma, wakati katikati unashuka bila shida. Kwa hiyo mstari wa juu ukapinda kama bakuli, pembeni juu, katikati chini.

Nikampigia picha muuzaji nikamtumia. Jibu lake, baada ya kunisubirisha sana: “Dada yangu, wenzako wote wanaweza. Mkono wako mzito.” Nikamuuliza nifanyeje. “Fuata karatasi.” Na karatasi inasema nini? Inasema kila ukipitisha uzi, uvute mpaka unyooke, kisha ushindilie. Hayo ndiyo maelekezo aliyoyachapisha na kuyauza!

Sasa hebu tulieleze hili jambo, kwa sababu hapa ndipo watu wanaposingiziwa mikono yao. Mshindio haupiti umenyooka. Unapita juu ya uzi mmoja wa mtande, chini ya unaofuata, juu, chini, mpaka upande wa pili. Njia hiyo ya kupinda ni ndefu kuliko upana wa kitambaa. Ukiulaza uzi umenyooka kwenye upana wa sentimeta 20, umeupa sentimeta 20 tu, lakini ukiushindilia unataka zaidi ili uzunguke kila uzi wa mtande. Huo urefu utatoka wapi? Unavutwa kutoka kingoni. Kila mstari unaiba kidogo sana, huoni, mpaka mistari ikijikusanya ndipo unagundua sentimeta 3 zimeondoka. Hata mwenye mkono mwepesi kuliko wote, akifuata ile karatasi kama ilivyoandikwa, kitambaa chake kitaingia ndani.

Dawa yake ni kuulaza mshindio kama mlima. Unaupitisha, unaushika ukingoni, halafu unauacha uinuke katikati ndipo ushuke upande wa pili. Kwa upana wangu wa sentimeta 20, mlima wenye kilele cha kama sentimeta 3 unakupa uzi wa ziada wa kama sentimeta moja. Kisha kwa ncha ya kidole unakibonyeza kilele kwanza, unapata vilima viwili, unavibonyeza navyo, uzi wa ziada unasambaa upana mzima, ndipo unapiga uma. Ukibonyeza kuanzia pembeni, ziada yote inakimbilia upande mmoja na inatoka kitanzi kinachochungulia. Ukiona vitanzi au kitambaa kinaumuka katikati, mlima wako umezidi, upunguze. Ukiona ukingo unasogea, mlima ni mdogo. Kiasi sahihi kinategemea uzi: uzi mnene na mtande ulioachana vinataka kilele tofauti na uzi mwembamba, kwa hiyo kile cha sentimeta 3 ni cha kuanzia tu.

Sehemu ya pili ni pale uzi unapogeuka. Kwa mkono mmoja unaubana uzi wa mwisho wa mtande kati ya kidole gumba na cha shahada, usimame palepale ulipo, na kwa mkono mwingine unauvuta mshindio mpaka uuguse ule uzi. Uuguse, basi. Ile tabia ya kuvuta kidogo tena mwishoni ili “ukae vizuri” ndiyo inayoharibu. Na rula iwe mezani muda wote: kila ukipanda upana wa vidole viwili, pima. Ukikuta umepungua milimita 2 au 3, fumua mpaka pale upana ulipokuwa sawa. Kuongeza mlima mkubwa juu ya sehemu iliyokwisha kubana hakuirudishi ile ya chini, kunakuachia kiuno.

Lazima niseme haki: fremu yenyewe ni nzuri. Mbao imepigwa msasa vizuri, haiyumbi, pembe zake zimekaa sawa. Nilipofumua yote na kuanza upya kwa milima, upana ulishika kwa sehemu kubwa, na siku hiyo nilikuwa tayari kuwapa nyota nne na kusamehe maneno.

Lakini ukingo wa kushoto uliendelea kulegea. Nikaupima mtande kwa kuugonga kwa kidole, kila uzi kwa zamu. Za katikati zinarudisha kidole, za pembeni ziko legelege. Ndipo nilipouangalia uzi wao. Ni ule uzi wa kufumia masweta, wa kuvutika, na wametoa huohuo kwa mtande na kwa mshindio! Uzi unaovutika haufai kusimama kama mtande, kwa sababu kila ukishindilia unanyooka zaidi, na za pembeni ndizo zinazovutwa kuliko zote. Nikanunua uzi wa pamba uliosokotwa kwa nguvu, usiovutika, nikautanda kwa mkazo uleule mwanzo hadi mwisho, na uzi wa mwisho kila upande nikauweka mara mbili kama mmoja. Kingo zikasimama.

Nilimrudia muuzaji nikamweleza hayo yote kwa adabu, nikidhani atabadilisha karatasi. Akanijibu kwamba kuna “vifaa vya pembeni” vya kuzuia kingo, vinauzwa peke yake, niagize. Nilimwomba picha. Ni vipande vya kamba vya kufungia ukingo wa kitambaa kwenye mbao za fremu! Kamba hizo zina kazi yake, unaweza kufunga uzi wowote ulio nao nyumbani, kila baada ya sentimeta 5 hivi, na zinasaidia kazi isiyumbe. Ila haziongezi mshindio. Kama mshindio ni mfupi, siku utakapozikata kamba na kukitoa kitambaa kwenye fremu, kingo zitaingia ndani palepale. Yaani alitaka kuniuzia kitu cha kuficha kosa la karatasi yake mpaka niwe nimeshamaliza kazi.

Kwa hiyo zile nyota nne nimezifuta. Nyota mbili ni za mbao. Na kadiri ninavyokumbuka “wenzako wote wanaweza” naona hata mbili ni nyingi, kwa sababu huyo dada mwingine naye kaambiwa mkono mzito, na kwenye picha yake nyuzi za pembeni zimeinama vilevile kama zangu. Nyota moja. Kama fundi seremala wa mtaani kwenu anaweza kukupigia fremu ya mbao nne na misumari midogo juu na chini, mpe yeye hela, nunua uzi wa pamba, na mshindio uulaze mlima.